Siku Thelathini za Barua ya Kodi: Tahakiki ya Tafsiri Moja

Katika somo la tafsiri tumezoea kuhakiki matini za fasihi. Tunachukua riwaya au tamthiliya iliyotafsiriwa, tunaitazama kwa jicho la nadharia, kisha tunasema mfasiri amefaulu hapa na ameshindwa pale. Makala haya yanahakiki matini ya namna nyingine: tafsiri ya Kiswahili ya barua ya kodi, yenye sentensi nne tu, iliyoandikwa kwa kalamu nyuma ya bahasha. Nimeichagua kwa sababu msomaji wake hakuwa na nafasi ya kuisoma tena mwaka ujao. Alikuwa na siku kumi na moja.

Barua yenyewe ilinifikia kwa simu usiku wa tarehe 3 Mei 2025. Aliyeituma ni mwanafunzi wangu wa zamani, Mkongo aliyeishi miaka kadhaa katika makazi ya wakimbizi hapa Uganda kabla ya kuhamishiwa Marekani, katika jimbo la Kentaki. Alikuwa amepiga picha tatu: kurasa mbili za mwanzo za barua kutoka ofisi ya kodi ya serikali kuu, na nyuma ya bahasha penye tafsiri. Chini yake aliandika: "Mwalimu, salama? Samahani kwa usiku. Hapa ndugu mmoja wa kanisani amenitafsiria, anasema nisaini. Nisaini?"

Nilimjibu asisaini kitu chochote mpaka tuione barua nzima. Picha ya ukurasa wa kwanza ilikuwa imekatwa upande wa kulia juu, na katika barua za ofisi ile kona hiyo ndiyo yenye namba ya aina ya barua, mwaka wa kodi unaohusika na tarehe ya barua. Picha hazikuonyesha pia kurasa za nyuma, zenye jedwali la hesabu na fomu ya kujibia. Nikamwomba apige picha kila ukurasa, pembe zote nne zionekane, na aifunike kwa kidole namba yake ya hifadhi ya jamii, kwa kuwa namba hiyo haifai kuzagaa katika simu za watu. Picha zilipokuja nikaona namba ya barua: CP2000.

Ni lazima tuielewe barua hiyo kwanza, maana hatuwezi kuhakiki tafsiri bila kujua asili yake inatenda nini. Nchini Marekani mfanyakazi hujaza fomu ya kodi kila mwaka na kutaja mapato yake. Waajiri na mabenki nao hupeleka taarifa zao kuhusu fedha walizomlipa. Taarifa hizo hulinganishwa, na pale zinapotofautiana ofisi hutuma CP2000. Kwa hiyo barua hii haimwambii mtu kwamba anadaiwa. Inamwambia kwamba karatasi za watu wengine na fomu yake hazisemi jambo moja, inamwonyesha jinsi kodi yake ingebadilika iwapo karatasi hizo ni sahihi, kisha inamuuliza anakubali au hakubali. Huwa anapewa siku 30 tangu tarehe ya barua, na tarehe ya mwisho huandikwa wazi.

Sasa tuitazame tafsiri ya nyuma ya bahasha. Ninainakili kama ilivyoandikwa:

"Serikali imegundua kwamba ulificha mapato katika mwaka wa 2023. Unatakiwa kulipa dola 767 pamoja na adhabu ndani ya siku thelathini tangu ulipopata barua hii. Weka saini kwenye fomu na uirudishe ili wajue umeipata. Usipofanya hivyo utapelekwa mahakamani."

Kabla ya kuikosoa, haki inanilazimu kutaja ubora wake. Kiswahili chake ni sanifu na kinasomeka kwa mara moja. Sentensi ni fupi. Mfasiri ameona kwamba msomaji anahitaji mambo manne, yaani kosa ni nini, kiasi gani, lini, na afanye nini, akayapanga kwa mfuatano huo huo. Wanafunzi wetu wengi wa mwaka wa tatu wangeandika aya ndefu mara tatu na isiyoeleweka. Kama tungepima urahisi wa lugha peke yake, tafsiri hii ingepata alama nzuri. Tatizo ni kwamba kila moja ya sentensi hizo nne ina kosa, na makosa yote manne yanaelekea upande mmoja.

Tuanze na vitenzi. Asili inasema kwamba taarifa za waajiri hazilingani na fomu. Mfasiri ameandika "ulificha". Kiambishi -li- kinathibitisha tendo lililokwisha, na mzizi -fich- unaleta nia mbaya ambayo haimo katika asili. Kisha asili inasema mabadiliko haya yanapendekezwa. Mfasiri ameandika "unatakiwa kulipa", yaani uamuzi umekwisha kutolewa. Kiswahili kina chombo kinachofaa kabisa kwa kazi hii, nacho ni kiambishi -nge- tunachowafundisha wanafunzi kwa mifano ya "ningekuwa tajiri" na kukiacha hapo. "Ungedaiwa dola 767 iwapo taarifa hizi ni sahihi" ina maana ya barua ile. "Unadaiwa dola 767" ni hali tofauti kisheria. Mwenye kudaiwa hutafuta fedha, na mwenye kuulizwa hutafuta karatasi.

Hata neno "adhabu" halikuwa na mahali. Jedwali la hesabu lilikuwa na mstari wa adhabu, lakini mbele yake paliandikwa sifuri. Kinachoongezeka kilikuwa riba ya dola 59. Nadhani mfasiri aliona neno hilo katika maelezo ya jumla, ambamo barua hueleza kila kitu kinachoweza kutokea kwa mlipakodi yeyote, akalichukua kuwa linamhusu huyu. Na "adhabu" katika masikio ya mtu aliyekimbia vita si fedha tu. Ni polisi na jela.

Kosa la pili ni la tarehe. "Ndani ya siku thelathini tangu ulipopata barua hii" inasikika kuwa kauli ya haki, na ndivyo watu wengi tunavyotarajia muda uhesabiwe. Lakini barua ilikuwa na tarehe 14 Aprili 2025, na siku 30 zilihesabiwa kutoka hapo, bila kujali ilikaa siku ngapi njiani au katika sanduku la posta. Mwisho ulikuwa tarehe 14 Mei. Mwanafunzi wangu aliipata barua tarehe 22 Aprili. Kwa hesabu ya tafsiri alikuwa na muda hadi tarehe 22 Mei, yaani siku nane ambazo hazikuwepo.

Hapa mfasiri alipaswa kuacha kutafsiri muda na kutafsiri siku. Maneno "siku thelathini" yanamwachia msomaji kazi ya kuhesabu, na msomaji hajui aanzie wapi. Maneno "Jumatano, tarehe 14 Mei 2025" hayamwachii kazi. Naongeza angalizo kuhusu "kabla ya". Tukisema "jibu kabla ya tarehe 14 Mei", msikilizaji mmoja ataelewa kwamba tarehe 14 yenyewe imo na mwingine ataelewa kwamba haimo. Kiswahili cha ofisi kinajaribu kukwepa utata huu kwa "ifikapo" na "hadi", lakini nazo zinateleza. Njia salama ni kusema kwa urefu: "jibu lako liwe limefika kwao mwisho wa siku ya tarehe 14 Mei". Kitenzi "limefika" nacho kina uzito, kwa sababu barua inazungumzia jibu kupokelewa. Anayeambiwa "tuma ifikapo tarehe 14" anaweza kwenda posta tarehe 14 jioni akiwa na amani moyoni.

Kosa la tatu ndilo lililoniamsha kitandani: "Weka saini kwenye fomu na uirudishe ili wajue umeipata." Katika maisha yetu saini ya kupokea ni jambo la kila siku. Tunasaini daftari la mjumbe, tunasaini tukipokea mgawo wa chakula kambini, tunasaini mahudhurio. Mfasiri aliiona nafasi ya saini akaifasiri kwa desturi anayoijua. Lakini fomu ya kujibia ya CP2000 ina visanduku vya kuchagua. Kimoja ni cha kukubali mabadiliko yote, na saini inayokifuata ina maana kwamba mlipakodi ameridhia kodi hiyo iandikwe kuwa deni lake. Kingine ni cha kutokubali yote au sehemu, na hicho hufuatana na maelezo na vielelezo. Saini ya "nimeipata" haimo katika fomu hiyo kabisa.

Kosa la nne liko katika sentensi ya mwisho, nalo limegeuza jambo kinyumenyume. "Utapelekwa mahakamani" inamfanya mlipakodi kuwa mshtakiwa. Ukweli ni kwamba asipojibu, au wasipokubaliana, ofisi humtumia barua ya pili, iliyo rasmi zaidi, na barua hiyo humpa yeye siku 90 za kupeleka shauri lake katika Mahakama ya Kodi ya Marekani kabla kodi haijaandikwa kuwa deni. Mtendaji wa kitenzi "peleka" ni mlipakodi. Kiambishi kimoja cha kauli ya kutendwa kimemnyang'anya haki na kumpa hofu mahali pake.

Hizo siku 90 nazo zina somo lake kwa mfasiri. Tarehe ya barua ya kwanza inaweza kusogezwa: mtu akipiga simu mapema na kuomba muda zaidi, ofisi inaweza kumwongezea. Tarehe ya barua ya pili imewekwa na sheria na ofisi haina uwezo wa kuiongeza. Kwa Kiswahili zote mbili tunaziita "tarehe ya mwisho". Basi mfasiri aongeze maneno machache: hii unaweza kuomba isogezwe, hii haisogei. Mtu aliyeruhusiwa kusogeza ya kwanza anaweza kudhani na ya pili itasogea, naye akapoteza mahakama bila kujua.

Kwa nini makosa yote manne yameelekea upande mmoja? Mfasiri hakukosa msamiati. Mwanafalsafa Ostini alitufundisha kwamba kutamka ni kutenda, kwamba sentensi inaweza kuuliza, kuahidi, kuonya au kuamuru hata kama umbo lake halionyeshi hivyo. Mfasiri wetu alisoma maneno ya serikali na akasikia amri, kwa kuwa katika uzoefu wake serikali ikiandika barua haiulizi. Asili yenyewe imeandikwa kwa lugha nyepesi kiasi. Marekani ina sheria ya mwaka 2010 inayozitaka ofisi za serikali kuu kuandika kwa namna ambayo mwananchi ataelewa, na CP2000 inatangaza katika kichwa cha jedwali lake kwamba mabadiliko yanapendekezwa. Kwa hiyo tafsiri imekuwa nyepesi kwa maneno lakini nzito kwa sauti kuliko asili. Imerudisha sauti ya chifu barazani mahali ambapo karani alikuwa akiuliza swali.

Jedwali ndilo lililothibitisha kwamba swali lile lilikuwa la kweli. Lina safu tatu: kiasi kilichotajwa katika fomu yako, kiasi kilichotajwa na wengine, na tofauti. Katika ukurasa wa nne yaliorodheshwa malipo mawili ya mshahara, kila moja dola 4,200, kutoka viwanda viwili vyenye majina tofauti. Nilimuuliza kwa simu kama alifanya kazi katika viwanda hivyo viwili. Akacheka. "Mwalimu, ni kiwanda kimoja. Nilifanya pale miezi miwili. Mwenyewe alikiuza, wakabadilisha jina." Karatasi za mshahara hazikumfikia kwa sababu alikuwa amehama nyumba, naye akasahau kuzitaja kazi hizo za miezi miwili katika fomu.

Basi sehemu ya barua ilikuwa kweli na sehemu haikuwa. Mshahara wa dola 4,200 aliupata na hakuutaja. Mshahara wa pili ulikuwa ule ule umeandikwa mara mbili. Kwa kiwango chake cha asilimia 12, dola 8,400 zilizaa kodi ya dola 1,008. Dola 300 zilikwisha katwa kiwandani, zikabaki 708, na pamoja na riba ya 59 ndizo 767 za barua. Ukihesabu mshahara mara moja tu, kodi ni dola 504, ukitoa 300 zinabaki 204, na riba yake ni kama dola 17. Angesaini ili "wajue ameipata", angekuwa amekubali kulipa dola 767 badala ya takriban 221. Jedwali hilo halikuwemo katika picha za kwanza, na hakuna dalili katika tafsiri kwamba mfasiri alilifikia.

Baada ya kuisoma barua nzima nilimwandikia tafsiri hii, ambayo naiweka hapa ihakikiwe kama nilivyohakiki ya mwenzangu:

"Barua hii inakuuliza swali, bado si deni. Taarifa za mshahara tulizopokea kutoka kwa waajiri hazilingani na fomu yako ya kodi ya mwaka 2023. Kama taarifa hizo ni sahihi, ungedaiwa dola 767. Angalia jedwali la ukurasa wa nne, mstari kwa mstari. Jibu lako liwe limetufikia mwisho wa siku ya Jumatano, tarehe 14 Mei 2025. Ukihitaji muda zaidi, tupigie simu kabla ya siku hiyo. Kama unakubali yote, weka alama katika kisanduku cha kukubali na usaini. Saini hiyo ina maana umekubali kulipa. Kama hukubali yote au sehemu, weka alama katika kisanduku cha kutokubali, eleza kwa nini, na ambatisha karatasi za ushahidi. Tusipopata jibu, tutakutumia barua ya pili. Barua hiyo itakupa siku 90 za kupeleka shauri lako Mahakama ya Kodi ukitaka, na siku hizo haziongezwi."

Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na sioni aibu kwa hilo. Lugha rahisi ni ile inayomwezesha msomaji kutenda jambo sahihi, na wakati mwingine inahitaji sentensi tatu mahali pa moja. Udhaifu wake pia niutaje. Nimesema "deni" ambapo mtaalamu wa kodi angetenganisha hatua kadhaa. Nimetumia "kodi" kwa msomaji ambaye jirani zake kutoka Kenya na Tanzania hutumia neno hilo hilo kwa fedha ya pango, na barua inayoanza kwa "kodi yako haijakamilika" ingeweza kumpeleka kwa mwenye nyumba. Ndiyo maana niliandika "fomu yako ya kodi ya mwaka 2023" na kutaja mshahara katika sentensi hiyo hiyo. Na mistari ya "jumla", "riba" na "adhabu" sikuitafsiri. Nilimwonyesha kwa simu, kidole juu ya kila namba. Huenda hapo ndipo mfasiri mwingine angefanya vizuri zaidi.

Mipaka ya kazi yetu nayo ni lazima isemwe. Mwalimu wa Kiswahili si mshauri wa kodi. Nilimweleza barua inasema nini, lakini uamuzi wa kisanduku gani na maneno gani yaandikwe sikuuchukua. Marekani kuna vituo vya msaada kwa walipakodi wa kipato cha chini, vingine vikiwa chini ya vyuo vikuu, ambavyo huhudumia bure au kwa ada ndogo na huwasaidia pia wasiojua Kiingereza vizuri. Alikwenda kwenye kituo kimoja Jumatatu iliyofuata akiwa na barua nzima, tafsiri yangu, na ombi kwa ofisi ya mishahara ya kiwanda. Kiwanda kilimwandikia kwamba majina mawili yalihusu mshahara mmoja. Jibu lilifika tarehe 12 Mei, likiwa na alama katika kisanduku cha kutokubali. Mwezi wa Julai alipata barua nyingine yenye hesabu iliyorekebishwa, na safari hiyo alisaini mahali pa kukubali, akijua anakubali nini.

Kuhusu ndugu wa kanisani, nimezungumza naye pia. Ni mtu mwema anayewatafsiria watu wengi kila wiki bila malipo, mara nyingi kwenye maegesho ya magari baada ya ibada, kwa picha zisizo kamili. Nilimwomba jambo moja tu, nalo ndilo ninalowapa wanafunzi wa mwaka wa tatu kuwa zoezi la muhula huu: kabla ya kutafsiri sentensi yoyote ya barua ya ofisi, andika pembeni kitenzi kimoja kinachosema sentensi hiyo inatenda nini. Inauliza, inapendekeza, inaonya, inaamuru, au inatoa haki? Kisha andika nani anayetenda. Tafsiri ikikamilika, linganisha vitenzi vyako vya pembeni na viambishi ulivyotumia. Mahali penye "inapendekeza" pembeni na -me- au -li- katika tafsiri, rudi uanze upya.